Rangi ya Mwali wa Jiko la Gesi: Buluu, Njano na Mwako wa Haidrokaboni

Swali la mwako wa haidrokaboni huja kwa sura nyingi, na sura moja ambayo huwachanganya watahiniwa ni hii: "Jiko la gesi la nyumbani lilikuwa likiwaka kwa mwali wa buluu. Baada ya miezi kadhaa mwali umekuwa wa njano na masufuria yanashika masizi. Eleza." Mtahiniwa aliyekariri huandika mstari mmoja, kwamba mwali wa njano ni mwako usiokamilika, kisha huishiwa. Swali lina alama nne au tano, na mstari huo haufiki mbali. Katika sehemu hii tutajifunza rangi hizo zinatoka wapi hasa, ili uweze kuutazama mwali na kusema kinachoendelea ndani yake. Utajifunza pia wakati ambapo rangi inakudanganya, kwa kuwa hapo ndipo watahini hupenda kutega.

GESI NA HEWA YAKE

Gesi iliyomo kwenye mtungi wa jikoni ni mchanganyiko wa haidrokaboni mbili, propani (C₃H₈) na butani (C₄H₁₀). Imeshindiliwa hadi ikawa kimiminika, ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani. Ukifungua regulata, sehemu ya kimiminika hicho hugeuka kuwa gesi na kupita kwenye mpira hadi jikoni.

Mwako kamili wa propani unaandikwa hivi:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Usome mlinganyo huu kwa ujazo. Ujazo mmoja wa propani unahitaji ujazo tano wa oksijeni. Lakini jiko halipewi oksijeni tupu, linapewa hewa, na oksijeni ni takriban sehemu moja ya tano ya hewa. Kwa hiyo ujazo mmoja wa propani unahitaji karibu ujazo 25 wa hewa. Butani inahitaji zaidi, kwa sababu molekuli yake ni kubwa:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Hapa ujazo mmoja wa butani unataka ujazo 6.5 wa oksijeni, yaani zaidi ya ujazo 32 wa hewa. Kumbuka tarakimu hizi mbili, 25 na 32. Zinaonyesha kwamba kinachopita kwa wingi katika kichomeo cha jiko ni hewa, wala si gesi. Jiko likianza kusumbua, jambo la kwanza la kuuliza ni kama hewa inafika.

Hewa hiyo inaingiaje, na jiko halina feni? Geuza jiko lililozimwa na kupoa, utaona chini ya kichomeo kuna nozeli ndogo ya shaba yenye tundu jembamba kama la sindano. Gesi hutoka hapo kwa kasi na kuingia kwenye bomba fupi pana. Kati ya nozeli na bomba hilo kuna uwazi. Gesi inapopita kwa kasi huvuta hewa kutoka pembeni kupitia uwazi huo, na viwili hivyo huchanganyika ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye matundu ya juu yanakowakia. Hewa hii inayoingia kabla ya moto huwa ni takriban nusu tu ya ile inayohitajika. Nusu nyingine mwali huichukua wenyewe kutoka pembeni, pale juu ya jiko.

Huu ni mpango uleule wa kichomeo cha Bunsen ulichotumia maabara. Robert Bunsen, mwanakemia Mjerumani, alikitengeneza na fundi wake Peter Desaga huko Heidelberg mnamo 1855. Ukifunga tundu la hewa la kichomeo hicho unapata mwali mrefu wa njano unaoyumbayumba. Ukilifungua unapata mwali mfupi wa buluu wenye mvumo. Jiko la nyumbani ni kichomeo cha Bunsen kilicholazwa na kupewa matundu mengi, na ukilijibu swali la jiko kwa kukumbuka maabara hutapotea.

RANGI INATOKA WAPI

Hapa tuende polepole, kwa sababu ndiyo roho ya mada.

Chukua mwali uliokosa hewa ya kutosha ndani ya bomba. Molekuli za gesi hufika kwenye joto kali kabla hazijakutana na oksijeni. Joto huzivunja. Haidrojeni huungua upesi, lakini atomu za kaboni zilizokosa oksijeni huanza kushikamana zenyewe kwa zenyewe na kufanya chembe ndogo sana za kaboni, yaani masizi. Chembe hizi ni yabisi. Na kitu yabisi kikipashwa joto kali hung'aa, kama chuma cha mhunzi kinavyotoka kwenye moto kikiwa chekundu, na kikizidi kupata moto kikawa cha njano. Rangi ya njano unayoiona kwenye mwali ni mng'ao wa mamilioni ya chembe za masizi zilizopata moto.

Basi ukiona njano, umeona kaboni ambayo bado haijaungua. Nyingine itaungua ikifika ukingoni mwa mwali ambako kuna hewa. Nyingine itapoa kabla ya kufika huko, na ndiyo unayoikwangua chini ya sufuria.

Katika mwali uliopata hewa ya kutosha, kaboni hukutana na oksijeni mapema na masizi hayapati nafasi ya kuundwa. Hakuna yabisi ya kung'aa. Unachokiona ni mwanga hafifu wa buluu unaotolewa na vipande vya molekuli vinavyodumu kwa muda mfupi mno wakati mmenyuko unaendelea, kama kipande cha CH chenye kaboni moja na haidrojeni moja. Kwa kidato cha nne hutaulizwa vipande hivyo. Nimevitaja ili usije ukaandika kwamba mwali ni wa buluu "kwa sababu una joto kali zaidi". Ni kweli kwamba mwali wa buluu wa kichomeo kilekile huwa na joto zaidi, lakini buluu yenyewe ni mwanga wa mmenyuko, haitokani na kitu kilichopashwa moto. Chembe za njano zingepashwa moto zaidi zingeelekea kuwa nyeupe.

Mlinganyo wa mwako uliokosa oksijeni unaweza kuandikwa kwa namna zaidi ya moja, kutegemea upungufu ni mkubwa kiasi gani:

2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O

C₃H₈ + 2O₂ → 3C + 4H₂O

Katika jiko halisi milinganyo yote mitatu hutokea kwa pamoja, kila mmoja kwa kiasi chake. Mtahini akikuambia masufuria yanashika masizi, mlinganyo wenye C ndio unaoeleza alichokiona. Akitaja gesi ya sumu, anataka ule wenye CO. Watahiniwa wengi huandika mmoja tu bila kusoma swali linataka upi.

Angalia tena bidhaa hizo mbili. Masizi yanaonekana. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Ikivutwa hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na damu hushindwa kubeba oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, akidhani ni uchovu au malaria, kisha hulegea. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuujali mwali wa njano. Masizi ni kero ya kusugua sufuria, lakini ni kama moshi unaokuonyesha palipo na moto: mahali panapotengenezwa masizi, oksijeni ni haba, na palipo na uhaba huo kaboni monoksaidi huwa karibu.

Kuna hasara ya tatu, ndogo zaidi. Kila moli ya kaboni monoksaidi inayotoroka bila kuungua huondoka na kJ 283 za nishati ambazo zingepatikana kama ingekuwa kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo jiko lenye mwali wa njano hupika polepole na humaliza mtungi mapema. Hii ni alama rahisi katika mtihani, na wachache huikumbuka.

MFANO ULIOFANYIWA KAZI

Swali. Jiko la meza lina vichomeo viwili vilivyounganishwa kwenye mtungi mmoja. Kichomeo cha kulia kinatoa mwali wa buluu, mfupi na uliotulia. Cha kushoto kinatoa mwali mrefu wenye ncha za njano, na sufuria inayowekwa hapo inakuwa nyeusi. (a) Chanzo kiko wapi? (b) Utathibitishaje? (c) Nini kifanyike?

Anza kwa kuondoa yasiyowezekana. Vichomeo vyote viwili vinapata gesi kutoka mtungi mmoja, kupitia regulata moja na mpira mmoja, na viko ndani ya chumba kimoja. Kama tatizo lingekuwa gesi yenyewe, regulata, au hewa ya chumba, vyote viwili vingeathirika. Kimoja ni kizima. Kwa hiyo chanzo kiko upande wa kushoto tu, kati ya nozeli na matundu ya kichomeo.

Eneo hilo ni dogo, na lina mambo machache yanayoweza kuharibika. La kwanza na la kawaida kuliko yote ni uchafu. Maharage yamechemka yakamwagika, uji umefurika, mafuta yameganda, na matundu ya kichomeo yameziba. Mtu anaweza kujiuliza: matundu yakiziba si gesi itapungua pia, kwa nini mwali uwe wa njano? Jibu ni kwamba nozeli inaendelea kusukuma gesi kwa shinikizo lake, ila mchanganyiko ukikosa pa kutokea, mtiririko ndani ya bomba hupungua nguvu na hewa inayovutwa hupungua kuliko gesi. Uwiano huharibika. Vivyo hivyo buibui akijenga utando ndani ya bomba, au vumbi na manyoya vikiziba uwazi wa hewa. Jiko lililokaa stoo muda mrefu bila kutumika mara nyingi huwa na shida hii.

La pili ni nozeli iliyopanuliwa. Hili linatokana na mikono yetu wenyewe. Nozeli ikiziba, mtu huchukua sindano nene au waya na kuichokonoa. Shaba ni laini, tundu hupanuka kidogo tu, lakini hicho kidogo kinatosha kupitisha gesi nyingi kuliko hewa inayoweza kuvutwa. Dalili yake inatofautiana na ya uchafu: mwali huwa mrefu na mkubwa kupita kawaida, na kusafisha kichomeo hakubadilishi kitu.

La tatu ni kifuniko cha kichomeo kukaa vibaya baada ya kuoshwa. Hapo njano huonekana upande mmoja tu wa duara.

Sasa sehemu (b). Zima jiko, funga regulata, subiri lipoe. Kama vifuniko vya vichomeo vyote viwili ni vya ukubwa mmoja, vibadilishane: cha kulia weka kushoto, cha kushoto weka kulia. Kisha washa. Njano ikihamia kulia, kosa limo kwenye kifuniko, maana yake matundu yake yameziba. Njano ikibaki kushoto, kosa liko chini, kwenye bomba au nozeli. Hili ni jaribio lenye udhibiti, kwani umebadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote kama vilivyokuwa. Ukiliandika hivyo kwenye karatasi ya mtihani, mtahini ataona kwamba unajua jaribio ni nini.

Sehemu (c) inafuata yenyewe. Kifuniko kichafu kinaloweshwa kwenye maji ya moto yenye sabuni, kinasuguliwa kwa brashi, matundu yanazibuliwa kwa kijiti cha mbao, kisha kinakaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Uwazi wa hewa na bomba husafishwa kwa brashi ndefu nyembamba. Nozeli iliyopanuka haitengenezeki, inabadilishwa, na kazi hiyo ni ya fundi, ambaye baada ya kuifunga atapaka povu la sabuni kwenye kiungio aone kama kuna mapovu yanayotoka.

Badili sharti moja la swali na jibu linageuka. Tuseme vichomeo vyote viwili vimekuwa vya njano kwa pamoja. Sasa kifuniko kichafu si mshukiwa wa kwanza, tunarudi kwenye vitu wanavyochangia: regulata isiyotoa shinikizo sahihi, au gesi yenyewe. Mtungi unapokaribia kwisha, propani huwa imetangulia kutoka kwa wingi kwa kuwa huvukiza kwa urahisi zaidi, na kinachobaki kina butani nyingi. Rudi kwenye zile tarakimu, 25 na 32. Butani inataka hewa zaidi, lakini nozeli na uwazi wa hewa ni vilevile, kwa hiyo ncha za njano zinaweza kujitokeza hata kwenye jiko safi. Ukibadili mtungi zikaisha, ulikuwa na jibu.

NJANO AMBAYO SI MASIZI

Unachemsha viazi kwa maji ya chumvi. Sufuria inafurika, matone yanaangukia kichomeo, na ghafla mwali unatoa michirizi mikali ya njano iliyoelekea rangi ya chungwa. Je, mwako umeharibika?

Hapana. Chumvi ya mezani ni sodiamu kloraidi, na sodiamu ikiingia kwenye mwali hutoa mwanga wake wa njano. Ni lile jaribio la rangi za mwali unalolijua: sodiamu njano, potasiamu zambarau, shaba kijani. Bunsen mwenyewe alihitaji mwali usio na rangi yake ili yeye na mwenzake Gustav Kirchhoff waweze kuchunguza rangi za elementi, na kwenye mwali wa njano wa masizi wasingeona kitu. Vumbi la jikoni, jasho la vidole, hata unyevu wa kichomeo kilichotoka kuoshwa vinaweza kuleta cheche kama hizo, kwa kuwa sodiamu iko karibu kila mahali.

Utazitofautisha vipi? Njano ya chumvi huja kwa michirizi na kupotea baada ya dakika chache, na sehemu ya chini ya mwali hubaki buluu na kutulia. Njano ya masizi hukaa palepale, hasa nchani, na mwali huwa laini na wenye kuyumba. Kipimo cha uhakika ni kijiko baridi cha chuma kilichokauka. Kishike kwa koleo, kipitishe kwenye sehemu ya njano kwa sekunde tatu au nne, kitoe ukitazame. Kikiwa na doa jeusi linalofutika kwa karatasi, hiyo ni kaboni. Kikiwa kisafi, au kina ukungu wa maji tu, njano ile haikuwa ya masizi.

Huo ukungu wa maji usikushangaze. Tazama upande wa kulia wa mlinganyo: kila moli ya propani hutoa moli nne za maji. Ndiyo maana sufuria ya maji baridi ikiwekwa jikoni huonekana kutokwa jasho kwa nje, na wapo wanaoitupa wakidhani imetoboka.

BULUU AMBAYO SI SALAMA

Mtego wa pili ni mgumu zaidi, na mtu anaweza kufa kwa kutoujua. Mwali wa buluu unakuambia kwamba masizi hayatengenezwi. Haukuambii kwamba kaboni monoksaidi haipo.

Fikiria jiko la mkaa. Mkaa ukishakolea, juu yake huchezacheza vimiali vidogo vya buluu. Hapo chini kabisa kaboni imeungua kuwa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu hukutana na kaboni zaidi na kubadilika:

CO₂ + C → 2CO

Ikifika juu penye hewa, kaboni monoksaidi huungua:

2CO + O₂ → 2CO₂

Mwali wa mmenyuko huu wa pili ni wa buluu. Kwa hiyo ile buluu nzuri juu ya mkaa ni kaboni monoksaidi yenyewe ikiungua mbele ya macho yako, na ile isiyopata kuungua inaingia chumbani. Watu waliolaza jiko la mkaa ndani usiku wa baridi, milango imefungwa, hawakuona moshi wala njano ya kuwatahadharisha.

Jiko la gesi nalo lina njia zake. Sufuria kubwa yenye kitako kipana ikikaa chini mno, mwali hugonga chuma baridi na kupoa kabla mmenyuko haujaisha. Hatua ya mwisho ya mwako ni kaboni monoksaidi kugeuka kaboni dayoksaidi, na ndiyo inayokatizwa. Mwali unaweza kubaki buluu huku gesi hiyo ikitoroka pembeni mwa sufuria. Dalili ni miali inayolambalamba hadi nje ya kitako. Punguza moto, au tumia vyuma vya kuwekea sufuria vya kimo kilichokusudiwa kwa jiko hilo.

Njia nyingine ni chumba kilichofungwa. Tulikokotoe hili, kwa kuwa ni hesabu ya moli inayopendwa.

Swali. Kichomeo kinatumia gramu 220 za propani kwa saa moja. Jiko limo katika chumba cha mita 2 kwa 2, chenye kimo cha mita 2.5. Kokotoa ujazo wa oksijeni utakaotumika kwa saa moja, na ulinganishe na oksijeni iliyomo chumbani. (C = 12, H = 1, ujazo wa moli moja ya gesi katika halijoto ya chumba ni dm³ 24, oksijeni ni moja ya tano ya hewa.)

Moli ya propani ni (3 × 12) + (8 × 1) = gramu 44. Gramu 220 ni 220 ÷ 44 = moli 5. Kila moli inahitaji moli 5 za oksijeni, hivyo zinahitajika moli 25. Ujazo wake ni 25 × 24 = dm³ 600.

Chumba kina ujazo wa 2 × 2 × 2.5 = m³ 10, sawa na dm³ 10,000. Oksijeni yake ni moja ya tano, yaani dm³ 2,000.

Kwa hiyo katika saa moja kichomeo kimoja kingetumia 600 kati ya 2,000, sawa na asilimia 30 ya oksijeni yote ya chumba, kama hakuna hewa mpya inayoingia.

Chumba halisi huwa na nyufa, na mlango hufunguliwa, hivyo hali haifiki huko kwa urahisi. Lakini huhitaji kufika huko. Oksijeni inapopungua, mwali hurefuka, hulegea na kukosa mvumo, na kaboni monoksaidi huongezeka. Ukisafisha kichomeo katika hali hiyo hupati kitu, kwa kuwa kichomeo hakina kosa. Fungua dirisha na mlango: mwali ukikaza na kufupika ndani ya dakika chache, chanzo kilikuwa chumba. Wakati huohuo ukihisi kichwa kinauma, zima jiko na utoke nje kwanza, uchunguzi utafuata baadaye.

Neno moja kuhusu hewa kuzidi. Ikiingia nyingi mno ndani ya bomba, mwali hubaki buluu lakini hupiga kelele na kuinuka juu ya matundu kana kwamba unataka kuruka, na unaweza kuzimika. Ukizimika huku gesi inatoka, hatari inakuwa ya mlipuko. Mwali mzuri umeshikamana na tundu lake, una kiini cha buluu kilichokolea na ukingo wa buluu hafifu, na ukitulia kuusikiliza unasikia mvumo mdogo tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mwanafunzi ameandika: "Mwali wa njano wa jiko la gesi unasababishwa na rangi ya kaboni monoksaidi." Sahihisha.

2. Ujazo wa cm³ 200 wa butani unaungua kikamilifu. Kokotoa ujazo wa hewa unaohitajika.

3. Mama lishe amebadilisha sufuria ndogo na kuweka sufuria pana sana juu ya kichomeo chenye mwali wa buluu. Baada ya muda, ndani ya kibanda kilichofungwa, anaumwa kichwa. Mwali bado ni wa buluu na sufuria haina masizi. Toa maelezo ya kikemia.

4. Kichomeo kimesafishwa, kimekauka na kimefungwa vizuri, lakini mwali bado ni mrefu na wa njano. Kichomeo cha pili cha jiko hilo ni cha buluu. Taja chanzo kinachoelekea zaidi na ueleze kwa nini kinaleta njano.

MAJIBU

1. Kaboni monoksaidi haina rangi. Njano ni mng'ao wa chembe yabisi za kaboni zilizopashwa joto kali ndani ya mwali uliokosa oksijeni ya kutosha. Kaboni monoksaidi huweza kuwapo kwa sababu hiyohiyo ya uhaba wa oksijeni, lakini haionekani.

2. Kutokana na mlinganyo, ujazo 2 wa butani unahitaji ujazo 13 wa oksijeni. Cm³ 200 zinahitaji 200 × 13 ÷ 2 = cm³ 1,300 za oksijeni. Hewa ni 1,300 × 5 = cm³ 6,500.

3. Kitako kipana na baridi kimeupoza mwali kabla kaboni monoksaidi haijageuka kaboni dayoksaidi, na pia kimezuia hewa ya pembeni isiufikie mwali vizuri. Masizi hayakuundwa kwa sababu hewa iliyochanganyika ndani ya bomba ilitosha kuyazuia, ndiyo maana mwali ni wa buluu. Kibanda kilichofungwa kimeilimbikiza gesi hiyo, nayo imeshikamana na hemoglobini. Mwanafunzi anayejibu kwamba "mwako ni kamili kwa kuwa mwali ni wa buluu" hapati alama.

4. Tundu la nozeli limepanuliwa. Gesi inayopita ni nyingi kuliko hewa inayoweza kuvutwa kupitia uwazi uleule, hivyo sehemu ya kaboni hukosa oksijeni na kuwa masizi yanayong'aa. Regulata na mtungi havihusiki, kwa kuwa kichomeo cha pili kinawaka vizuri.